SINDANO SITA: Mswada wa Kupigia Picha

Filamu fupi. Maonyesho 4, shoti 17, eneo moja, siku 2 za kazi.

Kwa mpiga kamera, fundi taa, fundi sauti na msimamizi wa mwendelezo.

Ndugu zangu, mswada mlioupokea mwanzoni ulikuwa mazungumzo matupu. Mazungumzo hayo sikuyagusa hata neno moja. Nilichoongeza ni vichwa vya maonyesho, maelezo ya shoti na maelekezo machache ya mahali pa kusimamisha kamera. Niliposoma maneno peke yake niliona kwamba hakuna mhusika hata mmoja anayetamka jambo lenyewe: Bibi haoni tena vizuri, na anaificha familia yake. Mjukuu anajua, Shangazi hajui. Kwa hiyo siri hii iko mikononi mwetu. Tukionyesha mapema mno tumeiua. Tukichelewa mno, mtazamaji atadhani ni hadithi ya ushonaji.

Mpangilio wa chumba, ili wote tuwe na ramani moja kichwani: cherehani iko katikati, Bibi anakaa akielekea mlangoni. Dirisha liko kushoto kwake, linaangalia mashariki. Kabati liko kulia kwake. Mstari wetu unatoka kwa Bibi hadi mlangoni, na kamera inabaki upande wa kabati katika maonyesho yote ya ndani. Ukivuka mstari huo, Bibi na Shangazi wataonekana wamebadilishana pande, na katika Onyesho la 3, ambako kila kitu kinategemea nani anamtazama nani, kosa hilo halitafichika.

Umeme wa nyumba ni wa hezi 50. Tunapiga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, taa zisipepese.


ONYESHO LA 1. NDANI – CHUMBA CHA KUSHONEA – ASUBUHI

1A. Picha pana. Lenzi ya milimita 35, kamera kwenye stendi, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Mwanga wa dirishani unaingia kwa upande. Bibi yuko kwenye cherehani, mikono imetulia juu ya meza. Mjukuu (miaka 10, sare ya shule, begi mgongoni) amepiga magoti kando yake, ameinamia kitu ambacho bado hatukioni. Kamera haisogei. Msimamizi wa mwendelezo apime urefu wa stendi na umbali wake hadi kwenye meza na auandike. Shoti hii itarudi.

1B. Picha ya karibu sana. Lenzi ya makro ya milimita 100. Vidole vya mtoto vinapitisha uzi mweupe kwenye tundu la sindano. Anakosa mara moja, analowesha ncha ya uzi mdomoni (uso haumo kwenye fremu, tunaona mkono ukipanda na kushuka), anapata. Kwa ukaribu huu kina cha fokasi ni chembamba kama karatasi, kwa hiyo tufunge lenzi hadi f/8 na fundi taa aongeze mwanga kutoka upande wa dirisha.

MJUKUU (nje ya fremu)
Bibi, sita zinatosha?

BIBI (nje ya fremu)
Zinatosha. Nyeusi ngapi?

1C. Picha ya karibu, kutoka juu. Kimto cha sindano. Mkono wa Mjukuu unachomeka sindano ya mwisho. Sasa tunaona mpango: tatu zenye uzi mweupe kushoto, nafasi ya kidole kimoja, tatu zenye uzi mweusi kulia.

MJUKUU
Nyeusi tatu, nyeupe tatu. Nyeupe ziko kushoto.

BIBI
Kama jana.

1D. Picha ya kati, juu ya bega la Bibi, uso wa Mjukuu. Lenzi ya milimita 50. Uso wa Bibi hatuuonyeshi katika onyesho hili zima. Ninaomba hili lisivunjwe hata tukipata nafasi nzuri: macho yake ni ya Onyesho la 2.

MJUKUU
Kama jana. Bibi, nimwambie Shangazi?

Bibi ananyoosha mkono, anapapasa, anakuta kola ya sare, anaiweka sawa.

BIBI
Nenda shule, utachelewa.

Mjukuu anatoka upande wa kulia wa fremu. Kamera inabaki kwa sekunde tatu bila yeye.


ONYESHO LA 2. NJE – BARAZANI – MCHANA

2A. Picha pana kutoka chini ya ngazi. Mgongo wa Shangazi, furushi kwapani. Bibi ameketi kwenye kiti mlangoni, bado mdogo ndani ya fremu. Kamera ya mkononi, inapanda naye ngazi nne. Fundi sauti, nyayo zake zisikike moja moja. Tuzirekodi pia peke yake baada ya shoti.

SHANGAZI
Hodi! Mama?

2B. Picha ya karibu, Bibi. Lenzi ya milimita 85. Ndiyo mara yetu ya kwanza kuuona uso wake. Anatabasamu kwa moyo wote, ila macho yametua kwenye bega la Shangazi, si usoni. Tutabandika alama ya utepe kwenye stendi, sentimita 20 kando ya lenzi na chini yake kidogo, na mwigizaji aiangalie hiyo. Zaidi ya hapo atatazama hewani na kila mtu atajua. Pungufu ya hapo hakuna atakayegundua.

BIBI
Karibu, mwanangu. Umekonda.

2C. Picha ya kati, Shangazi. Milimita 50. Anacheka, ana shughuli ya kufungua furushi. Kwa kuwa mikono yake ina kazi, ni halali asione tunachokiona sisi.

SHANGAZI
Mama, hata hujanitazama.

BIBI (nje ya fremu)
Nimekusikia ukipanda ngazi. Mtu mzito hapandi hivyo.

2D. Picha ya wote wawili kwa ubavu, kisha kamera inashuka taratibu hadi mikononi. Kitambaa cheupe kinakunjuliwa juu ya mapaja ya Bibi. Dole gumba lake linasugua kitambaa, linatafuta ukingo, linafuata pindo.

SHANGAZI
Nimeleta kitambaa. Tazama rangi yake.

BIBI
Rangi nzuri. Laini.

Neno "laini" litamkwe wakati vidole viko ndani ya fremu. Likisemwa usoni, maana yake inapotea. Jua la mchana juu ya kitambaa cheupe litaunguza picha, hivyo tupime mwanga kwenye kitambaa, si kwenye ngozi, na nyuso tuziinue kwa ubao wa kurudisha mwanga.


ONYESHO LA 3. NDANI – CHUMBA CHA KUSHONEA – JIONI

Dirisha tulizibe kwa kitambaa cheusi kutoka nje, tusiwe watumwa wa machweo. Mwanga mkuu ni taa ya mezani ya Shangazi. Bibi hakuiwasha, mwanzoni mwa shoti anashona gizani.

3A. Picha pana, upande uleule wa kabati. Chumba kimefifia. Bibi anapinda pindo la gauni kwa mkono. Shangazi anaingia, anawasha taa. Bibi hapepesi macho, hageuki kuitazama. Shangazi anakwenda mezani. Shoti hii iende mfululizo mpaka kabla Mjukuu hajaingia, ili mhariri awe na pa kukimbilia.

SHANGAZI
Mama, nimekupangia sindano zako. Zilikuwa ovyo.

BIBI
Umezipanga vipi?

3B. Picha ya karibu, kutoka juu, sawasawa na 1C: lenzi ileile, urefu uleule. Sindano sita ziko mstari mmoja ulionyooka, nyuzi zimechanganyika. Nafasi ya kidole haipo.

SHANGAZI (nje ya fremu)
Nimeziweka mstari mmoja, zinapendeza.

3C. Picha ya karibu, mkono wa Bibi. Unafika kwenye kimto, unatafuta ile nafasi, haipo. Unasita. Unachagua. Uzi ni mweusi.

BIBI (nje ya fremu)
Ahsante.

Sindano inaingia kwenye gauni jeupe. Mishono minne, iliyonyooka, ya fundi hasa. Nataka tuone ustadi wake hapa kuliko mahali pengine popote. Tuandae vipande sita vya pindo safi, maana kila tunaporudia kimoja kinaharibika.

3D. Picha ya karibu, Shangazi. Milimita 85. Mwanzo anatazama mishono akidhani ni ya kushikilia kwa muda. Kisha anainua macho kwa mama yake. Asilie.

SHANGAZI
Mama, huo uzi ni mweusi.

3E. Picha ya karibu, Bibi. Milimita 85, alama ya utepe kama ya 2B. Mikono inasimama; tunalijua hilo kwa mabega tu.

BIBI
Najua.

SHANGAZI (nje ya fremu)
Gauni ni jeupe.

Kimya. Tukae kwenye uso huu mpaka niseme "kata", hata kama mnaona imetosha.

SHANGAZI (nje ya fremu)
Mama. Tangu lini?

3F. Picha ya kati, mlangoni, Mjukuu. Kamera ishuke hadi usawa wa macho yake, si yetu. Anaingia kwa haraka ya mtoto, anaona kimto kabla ya kuona watu.

MJUKUU
Bibi, nimerudi. Shangazi, nani amegusa sindano?


ONYESHO LA 4. NDANI – CHUMBA CHA KUSHONEA – ASUBUHI

4A. Picha ya karibu, mikono miwili: mkubwa wa Shangazi, mdogo wa Mjukuu, kimto katikati. Makro ya milimita 100, f/8.

SHANGAZI
Nyeupe kushoto?

MJUKUU
Kushoto. Usisukume ndani sana, Bibi anatafuta kwa kidole.

4B. Picha ya kati, Shangazi na Mjukuu pamoja, wamepiga magoti. Yeye ndiye mwanafunzi sasa, kwa hiyo kichwa chake kiwe chini kuliko cha mtoto.

SHANGAZI
Hivi?

MJUKUU
Hivyo.

4C. Marudio ya 1A kwa vipimo vilivyoandikwa: milimita 35, urefu uleule, umbali uleule. Bibi kwenye cherehani, wawili wamepiga magoti kando yake badala ya mmoja.

BIBI
Ziko ngapi?

SHANGAZI
Sita, Mama.

Mguu wa Bibi unakanyaga kibao. Cherehani inaanza. Picha inakatika ikiwa cherehani bado inalia.


RATIBA NA MAHITAJI

Siku ya 1: Tukusanyike saa kumi na mbili alfajiri. Jua linakaa dirishani hadi saa nne asubuhi hivi, na maonyesho ya 1 na 4 yote yanalihitaji. Tuanze na 1A, kisha bila kuigusa stendi tupige 4C. Waigizaji watabadili mavazi katikati, jambo lililo jepesi kuliko kuipanga kamera upya na kubahatisha. Halafu 1B na 4A kwa pamoja, kwa sababu ya makro, na mwisho 1C, 1D na 4B. Onyesho la 2 ni kuanzia saa saba mchana, jua likiwa limepita upande wa pili wa nyumba na baraza liko kivulini nusu.

Siku ya 2: Onyesho la 3 peke yake. 3F tuipige kwanza, mtoto apumzike arudi nyumbani mapema. Kisha 3A, 3B, 3C, na nyuso mbili za mwisho, 3E kabla ya 3D, ili mwigizaji wa Shangazi awe ameshaona uso atakaoujibu.

Sauti: cherehani isizunguke kamwe wakati mtu anaongea. Irekodiwe peke yake dakika mbili, kwa mwendo wa polepole na wa haraka. Kabla ya kuondoka kila eneo tunasimama wote kimya sekunde 30, simu zimezimwa, turekodi pumzi ya chumba.

Vifaa vya mezani: sindano 12 za ukubwa mmoja, uzi mweupe na mweusi, vimto viwili vinavyofanana (kimoja kimepangwa kama 1C, kingine kama 3B, visichanganywe), vipande sita vya pindo, gauni moja zima la kuonekana kwa mbali. Atakayeshona mishono ya 3C ni fundi cherehani wa kweli, na mikono yake ipakwe rangi ilingane na ya mwigizaji wa Bibi.