Swali la 3: 966x + 686y = 70, na ule mstari uliokukwamisha

Mdogo wangu, picha nimeiona ila kivuli cha kidole chako kimekaa juu ya namba ya pili, nikawa sielewi ni 636 au 686. Nikajaribu kwanza na 636, KKS ikatoka 6, na 70 haigawanyiki kwa 6, ina maana mlinganyo usingekuwa na jibu hata moja wakati swali linasema tafuta majibu yote. Kwaiyo ni 686, na hata hesabu zako za chini ya ukurasa zinaonyesha ivo.

Sasa twende. Kipengele (a): tafuta namba zote kamili x na y zinazotimiza

966x + 686y = 70

Hatua ya kwanza ni kutafuta KKS ya 966 na 686 kwa njia ya Euklidi. Usianze kuchambua vigawo tasa, utachelewa bure, na hata ukiipata KKS kwa njia hiyo utakuwa huna cha kurudi nacho nyuma. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, afu ile ndogo igawanye kwa baki, endelea ivo ivo mpaka baki iwe sifuri:

966 = 1·686 + 280
686 = 2·280 + 126
280 = 2·126 + 28
126 = 4·28 + 14
28 = 2·14 + 0

Baki ya mwisho kabla ya sifuri ni 14, hiyo ndo KKS. Hapa ulipata vizuri kabisa, hongera. Inafanya kazi kwa sababu namba yoyote inayogawa 966 na 686 lazima igawe na tofauti yao 280, na inayogawa 686 na 280 lazima irudi kugawa 966, yani vigawo vya shirika havibadiliki unaposhuka, kinachopungua ni ukubwa wa namba tu.

Kabla hujaenda mbele uliza: je 70 inagawanyika kwa 14? Ndio, 70 = 5·14. Majibu yapo. Kipengele (b), kile cha 966x + 686y = 100, kinaishia hapa hapa: upande wa kushoto siku zote ni kigawe cha 14 hata uweke x na y gani, na 100 ukigawa kwa 14 inabaki 2. Hakina jibu. Andika sentensi hiyo moja na usonge.

Haya, kurudi nyuma, penye tatizo lako. Chukua ile mistari ya juu, kila mmoja uupange baki ibaki peke yake:

14 = 126 − 4·28
28 = 280 − 2·126
126 = 686 − 2·280
280 = 966 − 1·686

Tunaanza na wa kwanza. Tunataka 14 iandikwe kwa 966 na 686 tu, kwaiyo 28 lazima itoke, tunaweka inacholingana nacho:

14 = 126 − 4·(280 − 2·126)

Hapa ndo ulipoteleza. Uliandika −7·126 − 4·280. Nadhani ulifanya 1 − 8. Lakini nje ya mabano kuna −4 na ndani kuna −2, hasi mara hasi ni chanya, inakuwa +8, na ile 126 moja iliyokuwepo mwanzo jumla 9:

14 = 9·126 − 4·280

Na sasa nakupa kitu ambacho mimi mwenyewe niliona nimekichelewa sana nilipokuwa chuo: kila mstari wa kurudi nyuma lazima uwe sawa na 14, kila mmoja, sio wa mwisho tu. Chukua kalkuleta: 9·126 ni 1134, 4·280 ni 1120, ukitoa unapata 14. Safi. Mstari wako unatoa −882 − 1120 = −2002, ungeupima pale pale usingejaza nusu ukurasa mwingine juu ya kosa. Sekunde kumi tu.

Kitu kingine nimeona kwenye picha, umeandika 112 mahali pa 4·28. Usizidishe! 28, 126, 280 zichukulie kama herufi vile, unahesabu ziko ngapi tu, ukishaziyeyusha kuwa 112 huwezi tena kujua ya kubadilisha ni ipi.

Tuendelee, toa 126:

14 = 9·(686 − 2·280) − 4·280
14 = 9·686 − 18·280 − 4·280
14 = 9·686 − 22·280

Pima: 6174 − 6160 = 14. Sawa. Toa 280:

14 = 9·686 − 22·(966 − 686)
14 = 9·686 − 22·966 + 22·686
14 = 31·686 − 22·966

Pima: 21266 − 21252 = 14. Tumefika, hakuna tena baki yoyote ya katikati, ni namba zetu mbili tu.

Ila swali linataka 70 na sio 14, kwaiyo zidisha pande zote kwa 5:

70 = 966·(−110) + 686·155

Jibu moja tayari: x = −110, y = 155. Angalia usichanganye, −110 inakaa na 966 kwa sababu 966 ndo ya x, wengi wanazigeuza kwa haraka ya mtihani.

Majibu yote sasa. Tuseme kuna jibu lingine x na y, ukitoa mlinganyo mmoja kwa mwingine unabaki na

966(x + 110) = −686(y − 155)

gawa kwa 14 pande zote:

69(x + 110) = −49(y − 155)

69 ni 3·23 na 49 ni 7·7, hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwaiyo 49 inaigawa kushoto yote na haiwezi kupata chochote kwenye 69, lazima iigawe x + 110. Basi x + 110 = 49t, na y inafuata yenyewe:

x = −110 + 49t
y = 155 − 69t

t ni namba yoyote kamili. Tafadhali usiandike 686t na 966t. Ungepata majibu ya kweli lakini ungeruka mengi, mfano t = 2 inatoa x = −12, y = 17, na hilo ni jibu halali kabisa: −11592 + 11662 = 70. Kwa 686t hulifikii kamwe, na swali limesema yote.

Kipengele (c) kinataka x chanya iliyo ndogo kuliko zote. −110 + 49t izidi 0, t = 2 bado hasi, t = 3 inatoa x = 37 na y = 155 − 207 = −52. Pima: 37·966 = 35742, 52·686 = 35672, tofauti 70.

Usiku huu fanya tena kurudi nyuma peke yako bila kuangalia hapa, afu nipigie picha, ila mara hii toa kidole.