Zekaria Alirudi Nyumbani

Mahubiri ya siku ya mafungo ya watumishi
Somo: Luka 1:5–25, Kutoka 5:6–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naomba leo mtu asisimame kurekebisha spika. Ikikoroma, tutaivumilia. Na mwalimu wa shule ya Jumapili aliyeshika kalamu na daftari pale nyuma, daftari lifunge, mama. Hakuna utakachotakiwa kufundisha kutokana na maneno haya.

Habari ya Zekaria tunaihubiri kila Krismasi inapokaribia. Tunazungumza juu ya malaika, uvumba, uzee wa Elisabeti, na ulimi uliofungwa. Mstari wa 23 tunauruka. Luka anasema siku za huduma ya Zekaria zilipotimia, alikwenda nyumbani kwake. Basi, ni hilo tu: zamu imekwisha, mzee kaenda nyumbani.

Fikirini ni mtu wa namna gani huyu anayeondoka. Ametoka kumwona Gabrieli, na watu walikuwa wamesimama nje wakimngoja. Angekuwa mmoja wetu, tungemwongezea siku. Tungemwambia, “Baba, upako uko juu yako, usiondoke sasa, tufanye wiki nyingine ya maombi.” Naye Zekaria, hata bubu, angepangiwa kazi: kama huwezi kuhubiri, basi shika mlango.

Lakini alikuwa wa zamu ya Abiya, na zamu ya Abiya ilikuwa ya nane kati ya zamu 24 ambazo Daudi aliwagawanya makuhani, kama tunavyosoma katika 1 Mambo ya Nyakati 24. Sura inayofuata inawagawa waimbaji, nao ni 288, katika zamu 24 vilevile. Wanakwaya, mmesikia? Waimbaji 288, na bado waliimba kwa zamu. Kundi moja liliingia siku ya sabato, lingine likatoka siku hiyohiyo. Kwa Walawi waliotumika katika hema, Hesabu sura ya 8 inasema mtu akifika miaka 50 anaacha kazi ile. Anaweza kuwasaidia ndugu zake, lakini mzigo si wake tena. Aliyeamuru moto wa madhabahu uwake daima usizimike ndiye pia aliyetaka mikono inayoweka kuni ibadilishane.

Sisi tumefanya kinyume. Moto unazimika, mikono ni ileile.

Niseme la kwangu, kwa kuwa ninyi ni wa nyumbani. Mwaka jana nilikwenda hospitali kumwombea mgonjwa. Nimesimama kando ya kitanda, Biblia mkononi, nikajikuta nakionea wivu kile kitanda. Nilitamani niugue. Si ugonjwa wa kufa. Ugonjwa wa siku nne tu, ambao daktari angewaambia watu wasinipigie simu. Nikaomba sala nzuri, mgonjwa akasema amina, nikaondoka. Ndani ya gari nililia, wala sikujua nalilia nini.

Huenda na wewe una kitanda chako cha namna hiyo. Labda ni mvua: unaomba inyeshe Jumapili asubuhi ili watoto wasije darasani. Labda ni kwamba simu ikiita tumbo linakaza kabla hujaona jina. Au unamsikia mtu akisimulia msiba wake, na moyoni husikii kitu chochote, halafu unajichukia. Huo si ukosefu wa imani, mpendwa. Ni mwili unaosema ukweli ambao mdomo umekataa kuusema. Na kama hulali usingizi majuma kwa majuma, au unaanza kuona heri usingekuwepo, usiishie kwangu kwa maombi. Nenda kwa daktari, nami nitakusindikiza.

Sasa, kwa nini hatuketi? Maana nafasi ya kuketi mara nyingine ipo. Mtu ana jioni nzima, lakini akikaa kitako dakika kumi anasikia sauti: mvivu wewe. Roho zinapotea, na wewe umekaa.

Sauti hiyo imo katika Biblia, na nataka mjue mwenyewe ni nani. Kutoka 5, watu wanaomba ruhusa wakamwabudu Mungu wao. Jibu ni, wavivu ninyi, wavivu! Majani wakatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Aliyesema hivyo ni Farao. Miaka mingi mimi nilimsikia Farao nikajibu, “Nena, Bwana, mtumwa wako anasikia.”

Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ya sabato haitajwi kuwa uumbaji, kama ilivyo katika Kutoka 20. Wanaambiwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Anayeweza kuacha kazi jioni, tofali likiwa halijakamilika, akalala, huyo amekwisha kutoka Misri. Na amri ile inamtaja mtumwa na mjakazi: wapumzike vilevile kama wewe. Hapo, wazee wenzangu na wachungaji, tumeguswa sisi. Kuna dada hapa ambaye tumempa watoto, kwaya na hesabu za kanisa, kwa sababu hajui kukataa. Tukamsifu hadharani kwa uaminifu wake. Ile sifa ilikuwa kamba. Dada, utusamehe.

Najua mtakaloniuliza: na Yesu je? Aliwaita wanafunzi wapumzike kidogo, Marko 6, na walipofika ufukweni watu walikwisha kutangulia. Kweli, akawahurumia, akafundisha, akawalisha. Siwezi kuwadanganya kwamba watu hawatatangulia ufukweni. Msiba hauulizi ratiba. Ila someni mpaka mwisho: jioni ileile aliwaaga makutano, akapanda mlimani peke yake. Mapumziko yaliahirishwa kwa saa kadhaa tu. Sisi yetu yameahirishwa kwa miaka.

Jumapili kwetu si siku ya kupumzika, tusijidanganye. Ni siku ya kazi. Kwa hiyo wazee wa kanisa tumekaa na tumekubaliana. Kuanzia mwezi ujao hakuna mtumishi atakayeshika idara mbili. Kila idara itakuwa na zamu, na idara isiyo na watu wa kutosha kuunda zamu itafungwa kwa muda. Ndiyo, hata darasa la vijana, likilazimu. Mimi Jumatatu simu yangu itakuwa kwa mzee wa zamu, na nimemwomba asiniambie nani kapiga.

Wengine watanung'unika. Acheni wanung'unike.

Turudi kwa Zekaria kidogo. Ahadi ya Yohana ilitangazwa hekaluni, pale kwenye uvumba. Lakini mstari wa 24 unasema baada ya siku hizo Elisabeti akachukua mimba. Yaani kile Mungu alichokisema madhabahuni alikitimiza nyumbani, kwa mzee asiyeweza hata kusema, aliyekuwa amemaliza zamu. Angeng'ang'ania hekalu, sijui.

Tuliwapangia kipindi cha mchana, mada ya mikakati ya huduma. Nimekifuta. Tutaomba, kisha mtakwenda nyumbani, saa hizi jua bado liko juu. Viti viacheni vilivyo. Mashemasi, nawaona mnavyotazamana. Viacheni.

Tuombe. Bwana, siku za huduma yao kwa juma hili zimetimia. Wapokee wakiwa wamelala kama ulivyowapokea wakiwa wamesimama. Amina.

Nendeni.