Utaratibu wa Kupokea Maziwa Asubuhi, Kituo cha Njoro (Toleo la 3)

Kwa nini tuko na hii
Tangi ni moja. Mkebe mmoja ulioanza kuchacha ukiingia, wale walikamua vizuri wanapoteza pia, kwa hivyo hii ni ya kulinda tangi, si ya kumtafuta mkulima.

Inahusu nini
Maziwa mabichi ya ng'ombe, kutoka mkebe ufike getini hadi yaingie kwa tangi, iwe umeletwa na mwenyewe ama bodaboda. Mambo ya malipo na lori haiko hapa.

Nani anafanya nini
Mpokeaji ndiye anapima na neno lake ni la mwisho, hata kama mkebe ni wa mwenyekiti. Karani anashika mzani na daftari. Mpokeaji akikosa kuja, anachukua yule amefunzwa kupima, si yeyote amesimama karibu.

Hatua
1. Fungua kifuniko unuse hapo hapo, halafu angalia rangi, damu, nywele. Usionje, brusela haina ladha.

2. Changanya mililita 2 za maziwa na 2 za alkoholi ya asilimia 68, tikisa. Ukiona chembe zimeshika kioo, kataa. Lakini uliza ng'ombe amezaa lini, juu dang'a pia hukatika hivyo, na ugonjwa wa kiwele pia.

3. Koroga mkebe kutoka chini, jaza silinda, wacha laktomita ielee bila kugusa ukuta, soma pamoja na joto. Kila digrii juu ya 20 ongeza 0.2, chini ya 20 toa 0.2. Mfano imesoma 27.5 na joto ni 24, hiyo ni 28.3, pokea. Tunataka 28 hadi 32. Ikiwa bado ni moto ya kutoka kwa ng'ombe, ngoja ipoe kwanza ndio upime, usikimbilie kusema mtu ameweka maji.

4. Uliza kama ng'ombe amedungwa dawa. Kama siku za kungoja zilizoandikwa kwa chupa hazijaisha, maziwa hayaingii.

5. Pima kilo, chuja, mimina. Tangi lishuke hadi digrii 4, karani aandike saa.

Yaliyokataliwa yanarudi kwa mwenyewe na sababu imeandikwa. Usimwage, si yako.

Marekebisho
Toleo la 1, Machi 2023: la kwanza kabisa, ilikuwa kunusa na laktomita pekee.

Toleo la 2, Agosti 2024: alkoholi na swali la dawa ziliongezwa, baada ya tangi nzima kurudishwa na mnunuzi.

Toleo la 3, Februari 2026: hesabu ya joto imeingia hatua ya 3. Mama mmoja alikataliwa siku mbili mfululizo na maziwa yake yalikuwa sawa tu, ilikuwa moto. Karatasi ya zamani iliyo mlangoni ing'olewe.