Taarifa kwa Umma: Kusimama kwa Muda kwa Huduma ya Kipimo cha CT

Uongozi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa unawataarifu wagonjwa, ndugu wa wagonjwa, vituo vya afya vinavyotuletea rufaa na wananchi wote kwamba mashine ya kipimo cha CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, iliyopo katika Idara ya Radiolojia ilipata hitilafu Alhamisi, tarehe 10 Julai 2025, majira ya saa 3:40 usiku, na tangu wakati huo huduma hiyo imesimama. Wakati hitilafu inatokea hapakuwa na mgonjwa kwenye mashine, na hakuna aliyepata madhara.

Wahandisi wetu wa vifaa tiba, wakishirikiana na wataalamu wa wakala wa mtengenezaji, wamebaini kuwa sehemu inayozalisha mionzi, ambayo mafundi huiita tyubu, imeharibika baada ya mafuta yanayoipoza kuvuja. Tyubu huchakaa kadiri inavyotumika, na mashine hii imekuwa ikihudumia mkoa mzima usiku na mchana. Haitengenezwi, bali hubadilishwa, na kwa kuwa haipatikani nchini imeagizwa kutoka kwa mtengenezaji, ambaye amethibitisha kwamba itafika Dar es Salaam kwa ndege tarehe 22 Julai. Kuisafirisha hadi hapa, kuifunga na kuirekebisha ili picha zitoke sawasawa kutachukua siku tatu hadi nne. Baada ya hapo kiwango cha mionzi kitapimwa kwa kufuata masharti ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, hatua ambayo hatutairuka hata kama foleni ni ndefu. Kwa mpangilio huo, tunatarajia kurejesha huduma Jumatatu, tarehe 28 Julai 2025. Tyubu ikichelewa, tutatangaza tarehe mpya siku hiyohiyo ya tarehe 22, badala ya kusubiri watu wafike hospitalini ndipo waambiwe.

Wagonjwa wa dharura hawatasubiri. Aliyeumia kichwa katika ajali, au anayeonyesha dalili za kiharusi, aletwe moja kwa moja katika Idara ya Magonjwa ya Dharura kama kawaida, kwa sababu huduma ya kwanza na uangalizi wa daktari vinaendelea saa zote. Mgonjwa wa kiharusi, hasa, hawezi kuanzishiwa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kabla ya kipimo kuonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka, hivyo daktari akishamhudumia atapelekwa bila kuchelewa katika hospitali ya misheni iliyopo jirani na stendi ya zamani ya mabasi, ambayo tumekubaliana nayo kutupokelea wagonjwa. Gari la wagonjwa na muuguzi wa kumsindikiza ni bila malipo, na mgonjwa atalipia kipimo kwa bei ileile ya hospitali yetu. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya aje nayo pamoja na kitambulisho, ili fomu ya rufaa ijazwe hapahapa.

Wagonjwa waliolazwa watapelekwa huko kwa makundi, kila siku asubuhi na alasiri, kwa utaratibu utakaotolewa na muuguzi wa wodi. Waliopangiwa kipimo kutoka kliniki wamwone kwanza daktari aliyewaandikia, kwa kuwa baadhi yao wanaweza kusaidiwa na eksirei ya kawaida au ultrasaundi, huduma ambazo hazijaguswa na hitilafu hii, na wengine wanaweza kusubiri bila hatari. Wenye saratani wanaohitaji picha kabla ya kuanza au kuendelea na matibabu wataandikiwa rufaa kwenda hospitali ya kanda. Aliyeelekezwa kufunga kula, au kusimamisha dawa ya kisukari kwa ajili ya kipimo, asiendelee kufanya hivyo mpaka apewe tarehe mpya.

Waliokwisha kulipia wana hiari ya kutunza risiti na kuitumia huduma itakaporejea, au kurudishiwa fedha zao katika ofisi ya uhasibu, dirisha namba 4, siku za kazi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Picha na majibu ya vipimo vilivyofanyika kabla ya hitilafu yapo salama na yanaendelea kutolewa. Aidha, hatujamtuma mtu yeyote kuwafuata wagonjwa kwenye mabenchi na kuwapeleka vituo vingine kwa malipo. Atakayefuatwa hivyo atoe taarifa kwenye dawati la huduma kwa wateja, mlangoni mwa Jengo la Wagonjwa wa Nje.

Tunawaomba radhi wote walioathirika, na kwa namna ya pekee wale waliokaa Idara ya Radiolojia Ijumaa ya tarehe 11 hadi mchana, wengine wakiwa wametoka wilayani alfajiri na hawajala, kabla ya kuelezwa kwamba hawatapimwa. Walistahili kuambiwa mapema, na wale walioacha namba zao wanapigiwa simu kuanzia leo ili wapangiwe kipimo kabla ya wengine.

Imetolewa na:
Ofisi ya Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa,
14 Julai 2025