DB-118: Kuhamisha nambari za simu hadi safuwima ya maandishi, jedwali la wanachama

Hali: inasubiri idhini ya pili
Muda: Jumapili 14 Juni 2026, saa nane usiku. Seva inafuata UTC, kwa hiyo kwenye logi itasomeka Jumamosi 13 Juni, 23:00. Asishtuke mtu.

Sababu. `simu` ni `bigint`: sifuri ya mbele inapotea, na mwanachama mmoja anaonekana mara mbili, mara tarakimu 9, mara 12 zinazoanza na 254. Hatugeuzi aina ya safuwima papo hapo, maana PostgreSQL ingeandika upya jedwali zima likiwa limefungwa huku malipo ya M-Pesa yakiingia.

118-1 Bakapu (msimamizi wa hifadhidata) – IMEKAMILIKA
Ujumbe wa "backup OK" haukubaliki hapa kama ushahidi. Bakapu ya Alhamisi usiku imerejeshwa kwa `pg_restore` kwenye seva ya majaribio: dakika 41, wanachama 184,206, sawa na idadi iliyonakiliwa bakapu ilipoanza. Nyingine ichukuliwe Jumamosi jioni na irejeshwe vivyo hivyo. Isiporejesheka, kazi inaahirishwa.

118-2 Safuwima mpya (mhandisi wa zamu) – BADO

```sql
SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE wanachama ADD COLUMN simu_mpya text;
```

Ikikwama kwa kufuli, ngoja dakika tano ujaribu tena. Usiongeze sekunde.

118-3 Kuhamisha data – BADO
Kwanza toleo linaloandika safuwima zote mbili liwe hewani, ndipo rekodi za zamani zihamishwe, 5,000 kwa mkupuo. Tarakimu 9 zinatanguliziwa +254. 12 zinazoanza na 254 zinaongezwa + tu. Zisizoingia popote, zikiwemo za wanachama walioko Uganda, zinaenda kwa dawati la wateja. Mtu asikisie.

```sql
SELECT count(*) FROM wanachama
WHERE simu IS NOT NULL AND simu_mpya IS NULL;
```

Jibu lilingane na orodha ya dawati.

118-4 Kurudi nyuma – IMEJARIBIWA
Makosa ya kuingia au ya malipo yakizidi ya kawaida kwa dakika kumi, mhandisi wa zamu anarudisha toleo la awali bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa. `simu` haijaguswa, `simu_mpya` inaachwa ilivyo. Bakapu hairejeshwi kwa sababu hii: ingefuta malipo yote yaliyoingia baada yake. Toleo likirudi hewani, uhamishaji unaanza upya, maana `simu_mpya` itakuwa imepitwa.

118-5 Kufuta `simu` – IMEZUIWA
Si kabla ya 14 Julai. Faili ya makato ya mishahara tunayotuma kwa waajiri bado inasoma `simu`. Uhasibu waibadilishe na makato ya Juni yapite salama. Kuanzia hapa 118-4 haifanyi kazi tena, kwa hiyo kuna idhini yake pekee.

Idhini
Atakayeendesha amri haidhinishi.
118-1 hadi 118-4: msimamizi wa hifadhidata, ameidhinisha Ijumaa 12 Juni baada ya kuona matokeo ya urejeshaji. Meneja wa mifumo, anasubiriwa hadi Jumamosi saa kumi na mbili jioni, akinyamaza, hatuendelei.
118-5: mkuu wa uhasibu, bado hajaombwa.