Mpango wa maswali ya kusawazisha: shahidi wa pili wa Jamhuri

Kesi ya wizi wa injini ya boti, mwalo wa Kibirizi. Mahakama ya Wilaya Kigoma, kesho saa 3 asubuhi. Kwa msomi mwenzangu utakayesimama.

Mama wa dagaa ametikiswa kwenye dodoso. Bado yuko chini ya kiapo, kwa hiyo usiku huu yeyote kati yetu asimpigie kuhusu ushahidi wake, hata kumpa pole.

Kidonda kikubwa ni saa. Kizimbani alisema saa kumi alfajiri. Maelezo yake ya polisi, ambayo utetezi wameyatoa kama Kielelezo D1, yanasema "saa 04:00 usiku". Wakili akasoma "saa nne usiku", mama akakubali, hakimu akaandika. Sote tunajua askari aliandika saa ya kizungu, lakini usimwambie hivyo. Hilo ni swali elekezi na watapinga. Mpe D1, kisha:

"Mama, maelezo haya aliandika nani?"
"Wewe ulimtajia saa kwa maneno gani?"
"Ulijuaje ni saa hiyo?"
"Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inafanya nini?"

La mwisho ndilo lenye uzito. D1 hiyohiyo, mstari wa saba, inasema mitumbwi ilikuwa inarudi kupakua. Saa nne usiku mitumbwi ya dagaa iko ziwani na taa zake, na Kigoma hakuna asiyejua. Akishajibu, muombe Mheshimiwa auone mstari huo, usiufafanue.

Pili, wamesema alikaa siku mbili ndipo akamtaja mshtakiwa. Siku mbili ni za kuandika maelezo. Muulize: "Kabla ya polisi, mtu wa kwanza kumweleza ulichokiona ni nani? Lini? Ulimtajia nani?" D1 inajibu: mwenyekiti wa BMU, asubuhi ileile, kwa jina. Hili tunalihitaji kwenye majumuisho, kwa sababu ya Marwa Wangiti Mwita (2002): kumtaja mtuhumiwa mapema kunaongeza uzito wa shahidi.

Umbali usiuguse. Alisema hatua tano, D1 inasema kumi na tano, akakiri kirahisi kwamba hakupima. Ukirudi hapo atakupa namba ya tatu. Mwanga ataueleza shahidi wa tatu.

Wakisimama kudai unaleta mambo mapya, jibu kwa utulivu: kielelezo ni chao na maswali yametoka kwenye dodoso lao. Usiombe ruhusa ya jambo jipya, watapewa nafasi ya kumdodosa tena, na yule mama hana nguvu hizo.

Limebaki deni. Alipokiri kwamba mshtakiwa anamdai, akasema "lakini nilishaanza..." wakamkatiza. Nimeona kwenye kumbukumbu zangu, na hakimu naye aliinua kichwa. Uliza moja tu: "Ulikuwa unamalizia kusema nini?" Stakabadhi za malipo zimo kwenye jalada, kwa hiyo sibahatishi. Usizitoe. Akishajibu, kaa.