Kwa wageni wetu wa Siku ya Fani, Ijumaa 14 Agosti

Waheshimiwa wageni, shikamooni na habari za kazi.

Asanteni kwa kukubali. Tafadhali fikeni saa 2:30 asubuhi. Saa 3:00 kamili kengele inalia (ni ringi ya gari chini ya mwembe, mtaisikia). Kila mgeni atabaki darasa moja na wanafunzi ndio watakaozunguka, makundi matano. Saa 5:15 tumemaliza, ili wanaokwenda sala ya Ijumaa wawahi.

Kila kundi lina dakika 20: kuzungumza 12, maswali 8. Najua 12 ni chache. Mwaka juzi mgeni mmoja alitumia dakika 40 kutusimulia safari zake za nje. Watoto walipiga makofi, lakini hakuna aliyejua kazi yake hasa ni ipi. Kwa hiyo anzeni na jana: ulifika kazini saa ngapi, ulishika nini, nini kilikushinda. Muuguzi aje na mashine ya presha, fundi umeme na tesita yake. Mtafiti wa Naliendele akituletea mche wa korosho uliobebeshwa, hata maelezo yatapungua, maana watoto hawa wameokota korosho tangu wadogo bila kujua kuna mtu anaajiriwa kuzifanyia utafiti. Projekta hatuna. Semeni Kiswahili.

Maswali wameshaandika kwenye vikaratasi, bila majina, na mwalimu wa zamu atawasomea. Nimeyapitia. Mengi ni mshahara: tajeni kiwango cha anayeanza, si lazima chako. Kidato cha pili wanauliza kama wakiacha fizikia mlango unafungwa. Jibuni kwa uwazi, kwani wanachagua masomo ya kidato cha tatu. Wa kidato cha nne wanaogopa divisheni ya nne. Fundi wetu aliyepitia VETA, hapo ndipo tunapokutegemea.

Na hili liko kwenye vikaratasi kumi na moja: "Gesi inatoka kwetu Msimbati, mbona kazi wanapata wengine?" Ndugu yetu wa mtambo wa Madimba, usilikwepe na usilitetee. Waambie mtambo unahitaji watu wa fani zipi, na vyeti gani. Msichana mmoja ameuliza kama wanawake wanapanda kwenye matangi. Mjibu huyo hata kama muda umekwisha.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, mimi nitalifuatilia. Msiahidi ajira wala nafasi ya mafunzo, na namba za simu msiwape wanafunzi. Anayetaka kumsaidia mtoto apitie kwangu.

Baada ya hapo kuna chai, mihogo na samaki wa kukaanga ofisini kwa walimu. Atakayechelewa au kupata udhuru aniandikie kwenye kundi kabla ya Alhamisi jioni, nipange upya madarasa.

Mwalimu wa ushauri na unasihi,
Mtwara